Bibi, ile karatasi ya Ujerumani sio deni

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu. Mie huku Hamburg sijambo, kazi ya wodini inachosha ila nimezoea, na joto limeingia mpaka Wajerumani wanalalamika. Kaka Rama akusomee hii pole pole, akiruka mstari mpige kofi.

Picha za ile barua ya pensheni iliyokuja toka Ujerumani nimezipata. Ya kwanza flashi imepiga katikati, ikabidi nimwambie Rama apige tena mchana mlangoni, ndo nikaona vizuri. Sasa kabla ya yote, hao watu wa pensheni hawakudai hata senti. Najua kuna mtu kakwambia eti ni deni la babu na wanataka hela zao zirudi, huyo hajui Kijerumani kaona tarakimu tu akaanza kutunga. Lala usingizi.

Mmepiga picha karatasi mbili na kila moja ina habari zake, msizichanganye.

Ile yenye hesabu inasema pensheni yako imepanda. Huku kila mwaka tarehe 1 Julai pensheni za watu wote zinapimwa upya kufuatana na mishahara inavyokwenda, mwaka huu 2025 zimepanda asilimia 3.74. Wewe ulikuwa unapata euro 212.33 kwa mwezi, sasa ni 220.27. Muoneshe Rama pale palipoandikwa Zahlbetrag, hiyo ndo wanayokutumia. Kwa hela ya nyumbani, nikipiga euro moja elfu tatu, inakuja kama laki sita na sitini, nyongeza yenyewe ni elfu ishirini na kitu, yani kilo kadhaa za sukari, sio ya kuanza kuitangazia Chumbageni nzima. Ikifika pungufu usigombane na yule binti wa kaunta, hela inapita benki zaidi ya moja njiani na kila moja inang'ata kidogo, na euro nayo hupanda ikashuka.

Ulimwuliza Rama kwanini jina la babu bado lipo na yeye katangulia, au hawajui kama kafa. Wanajua Bibi, si ndo mana wanakulipa wewe. Pensheni ni ya babu, ile aliyokuwa akikatwa mshahara miaka yote alipokuwa mtu wa mashine kwenye meli za Wajerumani, hizo zilizokuwa zikija Tanga kubeba katani kupeleka hapa Hamburg. Wewe kama mjane unapata asilimia 60 ya haki yake, ndo kanuni ya ndoa za zamani kama yenu, waliooana juzi juzi wanapata 55. Na ile namba ndefu yenye 010142 katikati ni namba yake ya bima, hizo tarakimu ni tarehe ya kuzaliwa waliyomwandikia kwenye kitabu cha ubaharia, 1 Januari 1942, na ile herufi M ni ya jina la ukoo, Mbwana. Mie nilivyoiona nikacheka, mana babu mwenyewe alikuwa akisema kazaliwa msimu wa maembe na mwaka haujui mtu, basi mzungu akampa Januari.

Halafu kingine, huyo jirani anayesema mnaonewa kwa vile sio Wajerumani, hayo yalikuwepo kweli lakini yameisha. Zamani mtu asiye raia wa Ulaya akiishi kwao alikuwa anapewa asilimia 70 tu ya kile alichostahili, wakaliondoa hilo mwaka 2013. Unapata yako kamili.

Sasa ya pili. Hii ndo yenye kazi na ndo iliyonifanya niandike barua badala ya kukupigia, mana kwenye simu unasema nimesikia nimesikia kumbe unapika. Ni ile yenye mistari ya kujaza, juu imeandikwa Lebensbescheinigung. Ni fomu ya kuthibitisha kwamba upo hai. Usikasirike, sio kama wanakuombea kifo, wanaoishi nje wanatumiwa kila mwaka, wazungu waliohamia Mombasa wanajaza hiyo hiyo. Wao wapo mbali hawawezi kujua nani yupo nani hayupo. Miaka iliyopita alikuwa akikujazia marehemu baba mdogo ndo mana wewe hukuwahi kuiona.

Isiporudi wanasimamisha malipo. Ikifika baadae wanaendelea na wanakulipa za nyuma, ila hapo katikati utakaa bila kitu na dawa za presha hazingoji, kwahiyo wiki hii hii.

Jina lako, tarehe na anuani Rama ajaze kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, kama zilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Sahihi usiweke nyumbani! Unaweka mbele ya huyo anayegonga mhuri, aone mkono wako mwenyewe. Weka ile ile ya kwenye kitambulisho. Mhuri anaweza kugonga benki, polisi au wakili mwenye muhuri wa kuthibitisha, ubalozi wao wa Dar pia ila huna haja ya kujibana kwenye basi na magoti hayo. Anza na benki yako pale mjini, wanakujua. Wakikataa nenda kwa wakili, muulizeni bei kabla hajashika kalamu. Nendeni asubuhi na kitambulisho halisi, sio kopi.

Kuna swali pale chini linauliza kama umeolewa tena. Nimecheka mwenyewe kwenye treni watu wakanigeukia. Jibu ni nein, Rama aweke alama pale pale nilipochora duara jekundu kwenye picha niliyorudisha. Na huyo mzee anayeleta samaki kila Ijumaa mwambie ukimkubali pensheni ya ujane inakatika, kwahiyo kama ana nia aje na zaidi ya changu na kolekole. Mume wetu tumemzika wewe ukae utulie.

Yule bwana aliyesema atashughulikia kwa laki na nusu, asipewe. Asipewe hela na asipewe karatasi. Fomu ni bure, mnaituma wenyewe Posta kwa rejista kwenye anuani iliyochapwa juu ya fomu, risiti mnaitunza. Kabla ya kutuma pigeni picha fomu ikiwa na mhuri, mnitumie mie peke yangu, nikaguage kama kuna kitu kimesahaulika.

Ile ya hesabu iweke kwenye bati la biskuti pamoja na nyingine, hata kama unaona zimejaa. Wakikosea siku moja mtu ana miezi mitatu ya kupinga akiwa nje ya Ujerumani, na bila karatasi ya nyuma hatuna la kulinganisha.

Msalimie mama mdogo na watoto, mwambie ile kanga nimeipata. Nikipata likizo Desemba nakuja.

Rama, hili lako: picha za barua umezirusha kwenye grupu la ukoo lenye watu wote wale, na namba ya babu na akaunti ya Bibi zote zinasomeka. Zifute leo kwa wote, na umwambie aliyezisambaza kule msikitini azifute pia.

Mjukuu wako,
Zuhura