Sodiamu chini ya taa ya zebaki: swali la masafa ya kizingiti na nishati mwendo, limejibiwa hatua kwa hatua

Kwa wanafunzi wa kidato cha sita, kundi la Fizikia la jioni, Mbeya.

Swali tuliloliacha ubaoni Alhamisi lilikuwa hili. Uso safi wa sodiamu uliomo ndani ya ombwe unamulikwa na mwanga wa urujuanimno kutoka taa ya zebaki, wenye urefu wa wimbi wa nm 365. Nishati ndogo kabisa ya kung'oa elektroni kwenye sodiamu ni φ = 2.28 eV. Tafuta (a) masafa ya kizingiti, (b) nishati mwendo ya juu kabisa ya elektroni zinazong'oka, (c) kasi yake, (d) volteji ya kuzisimamisha, na (e) eleza kitakachotokea ukali wa taa ukiongezwa mara mbili. Chukua h = 6.626 × 10⁻³⁴ J s, c = 3.00 × 10⁸ m/s, 1 eV = 1.602 × 10⁻¹⁹ J, na tungamo la elektroni m = 9.11 × 10⁻³¹ kg.

Kabla hujagusa kikokotoo, linganisha. Nishati ya fotoni moja inafika φ au haifiki? Swali zima linasimama hapo. Einstein alivyoliweka mwaka 1905, mwanga hutoa nishati yake kwa vifurushi, na kila elektroni hupokea kifurushi kimoja tu. Ni kama abiria mwenye noti moja mkononi: nauli ikishakatwa, kinachobaki ni chenji yake, na noti ikiwa ndogo kuliko nauli hapandi, hata kama nyuma yake wamejipanga mia wenye noti kama hiyohiyo. Nauli ni φ, chenji ni nishati mwendo. Kwa alama:

hf = φ + K

K hapa ni nishati mwendo ya juu kabisa. Elektroni zilizotoka ndani zaidi ya uso hupoteza sehemu ya nishati njiani zikigongana, kwa hiyo hutoka na pungufu ya K. Ndiyo maana swali linasema "ya juu kabisa", na kwenye jibu lako maneno hayo yasikosekane.

(a) Masafa ya kizingiti

Kwenye kizingiti elektroni inang'oka lakini haibaki na chochote, yaani K = 0. Hivyo hf₀ = φ. Badili φ iwe jouli kwanza. Wengi wanagawanya 2.28 moja kwa moja kwa 6.626 × 10⁻³⁴ na kupata masafa ya 10³³, ambayo hayana mwanga wowote duniani. h iko kwenye jouli sekunde, basi na φ iwe kwenye jouli:

φ = 2.28 × 1.602 × 10⁻¹⁹ = 3.653 × 10⁻¹⁹ J

f₀ = φ/h = 3.653 × 10⁻¹⁹ / 6.626 × 10⁻³⁴ = 5.51 × 10¹⁴ Hz

Urefu wa wimbi unaolingana nayo ni λ₀ = c/f₀ = 5.44 × 10⁻⁷ m, yaani nm 544. Huo ni mwanga wa kijani. Mwanga wa njano, wa rangi ya chungwa na mwekundu hauwezi kung'oa elektroni hata moja kwenye sodiamu hii. Penda kuandika λ₀ hata usipoulizwa, kwa sababu inakuonyesha kwa jicho jibu lako limekaa wapi: metali kama sodiamu na potasiamu kizingiti chake kiko kwenye mwanga unaoonekana, metali nyingine nyingi kiko kwenye urujuanimno.

(b) Nishati mwendo

Nishati ya fotoni moja ya taa yetu:

E = hc/λ = (6.626 × 10⁻³⁴ × 3.00 × 10⁸) / (3.65 × 10⁻⁷) = 5.446 × 10⁻¹⁹ J = 3.40 eV

3.40 ni kubwa kuliko 2.28, kwa hiyo elektroni zinang'oka. Sasa toa:

K = 5.446 × 10⁻¹⁹ − 3.653 × 10⁻¹⁹ = 1.793 × 10⁻¹⁹ J = 1.12 eV

Hakiki kwa njia ya pili. Masafa ya mwanga ni f = c/λ = 8.22 × 10¹⁴ Hz, na K = h(f − f₀) = 6.626 × 10⁻³⁴ × 2.71 × 10¹⁴, inayotoa karibu 1.8 × 10⁻¹⁹ J. Zimekutana.

(c) Kasi

½mv² = K, hivyo

v = √(2K/m) = √(2 × 1.793 × 10⁻¹⁹ / 9.11 × 10⁻³¹) = √(3.936 × 10¹¹) = 6.27 × 10⁵ m/s

Hapa K lazima iwe jouli, ukiweka 1.12 utapata kasi inayozidi ya mwanga mara milioni kadhaa, na hilo peke yake likuambie urudi nyuma. Kasi yetu ni kama sehemu mbili kwa elfu ya kasi ya mwanga, kwa hiyo ½mv² inatosha kabisa.

(d) Volteji ya kusimamisha

Tunaweka volteji kinyume hadi elektroni yenye mbio kuliko zote ishindwe kufika upande wa pili: eV₀ = K. Kwa kuwa K ni 1.12 eV, V₀ = 1.12 V. Hakuna hesabu mpya.

(e) Ukali mara mbili

Fotoni zinakuwa mara mbili kwa sekunde, elektroni zinazong'oka zinakuwa mara mbili, na mkondo wa umeme nao unakuwa mara mbili. K haibadiliki, v haibadiliki, V₀ haibadiliki, kwa sababu kila fotoni bado ina 3.40 eV. Ukitaka tarakimu: ikiwa uso unapokea mW 2.0 za mwanga huu, fotoni zinazoufikia kila sekunde ni 2.0 × 10⁻³ / 5.446 × 10⁻¹⁹ = 3.67 × 10¹⁵. Ongeza hadi mW 4.0 na idadi itakuwa 7.34 × 10¹⁵. Lenard aliliona jambo hili kwenye vipimo vyake mwaka 1902, na fizikia ya mawimbi peke yake haikuweza kulieleza: kwa wimbi, ukali zaidi ungepaswa kuzipa elektroni nguvu zaidi. Mtahini anapouliza "eleza", anataka aone kwamba umeitenganisha idadi ya fotoni na nishati ya fotoni moja. Andika sentensi mbili, moja kwa kila kimoja.

Sasa nirudi kwenye swali lililoulizwa darasani, maana ni zuri kuliko hata la kwenye karatasi. Je, jua la Mbeya linang'oa elektroni kwenye mabati mapya ya paa? Mabati yamepakwa zinki, na φ ya zinki ni karibu 4.3 eV. Fanya vilevile:

f₀ = 4.3 × 1.602 × 10⁻¹⁹ / 6.626 × 10⁻³⁴ = 1.04 × 10¹⁵ Hz, na λ₀ ni takriban nm 288.

Jua lenyewe linatoa mawimbi mafupi kuliko hayo. Lakini tabaka la ozoni linayachuja, na mwanga unaofika ardhini unaanza kuwa wa maana kuanzia karibu nm 295. Fotoni ya nm 295 ina 4.2 eV. Imekosa kidogo tu, lakini imekosa. Mwenzenu akasema sisi tuko juu, karibu mita 1,700, na jua letu linachoma kuliko la Kyela. Ni kweli linachoma zaidi, kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni pungufu. Ila sehemu kubwa ya ozoni iko kilomita 15 hadi 35 kutoka usawa wa bahari. Hata ukisimama kwenye kilele cha Rungwe, karibu mita 2,960, bado ozoni yote hiyo iko juu ya kichwa chako. Urujuanimno unaounguza ngozi unaongezeka, ila kizingiti cha zinki hakivukwi kwa kupanda mlima.

Taa ya zebaki yenye mwanga wa nm 254, hiyo inavuka: fotoni yake ina 4.88 eV, hivyo K = 4.88 − 4.3 = 0.58 eV. Taa yetu ya nm 365 juu ya zinki? 3.40 − 4.3 = −0.9 eV. Nishati mwendo haiwi hasi. Jibu ni kwamba hakuna elektroni inayotoka, basi, na usiendelee kutafuta kasi. Ukiacha −0.9 kwenye karatasi kama jibu, umeonyesha kwamba umehesabu bila kulinganisha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu maneno "uso safi". Wale mliowahi kuona sodiamu ikitolewa kwenye chupa ya mafuta ya taa na kukatwa kwa kisu mnakumbuka: sehemu iliyokatwa inang'aa kama fedha, na kabla hujamaliza kuionyesha kwa wenzako imeshafifia na kuwa kijivu. Hewa imeshaishambulia, na φ ya uso huo si 2.28 tena. Kwa sababu hiyo Millikan alitengeneza kisu cha kunyoa metali ndani ya ombwe lenyewe. Alifanya kazi hiyo miaka mingi akiwa haamini wazo la Einstein, na matokeo yake ya 1916 yakaithibitisha fomula ileile aliyoitilia shaka.

Njia yake tunaweza kuipitia kwa vipimo viwili tu. Chukua sodiamu hiyohiyo: kwa nm 365 (f = 8.22 × 10¹⁴ Hz) V₀ = 1.12 V; kwa nm 436 (f = 6.88 × 10¹⁴ Hz) V₀ = 0.57 V. Ukichora V₀ dhidi ya f, mteremko ni h/e:

mteremko = (1.12 − 0.57) / (1.34 × 10¹⁴) = 4.10 × 10⁻¹⁵ V s

h = 4.10 × 10⁻¹⁵ × 1.602 × 10⁻¹⁹ = 6.57 × 10⁻³⁴ J s

Na pale mstari unapokata mhimili wa f ndipo f₀ ilipo: 8.22 × 10¹⁴ − 1.12/(4.10 × 10⁻¹⁵) = 5.49 × 10¹⁴ Hz. Linganisha na sehemu (a). Tofauti ndogo imetokana na kukata desimali za volteji, wala si kosa la njia. Ukibadilisha metali mstari unasogea pembeni, lakini mteremko unabaki uleule, kwa kuwa h haijui ni metali gani.

Ya kufanya kabla ya Jumanne: potasiamu, φ = 2.30 eV, mwanga wa nm 436. Mkifanya sawasawa mtapata f₀ = 5.56 × 10¹⁴ Hz, K = 0.55 eV na v = 4.4 × 10⁵ m/s. Kisha magnesiamu, φ = 3.66 eV, chini ya taa yetu ya nm 365. Hilo la pili linajibiwa kwa mstari mmoja.