Yah: Ombi la saa moja ya kazi kila wiki kwa ajili ya kujifunza kuandika programu

Ndugu Meneja wa Fedha,

Salaam. Naomba uniruhusu kutumia saa moja ya kazi yenye malipo kila Alhamisi, kuanzia saa 2:00 hadi saa 3:00 asubuhi, kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, nikiwa mezani kwangu hapa ofisini Mwanza na nikijifunzia kwenye kazi yetu wenyewe ya kulinganisha malipo ya wateja.

Kama unavyofahamu, kila Jumatatu napokea mafaili ya malipo kutoka Musoma, Geita na Bukoba, nayaunganisha na ya hapa, kisha nalinganisha kila malipo na ankara yake. Kila tawi hupanga safu kwa namna yake: Geita huanza na tarehe, Bukoba huanza na jina la mteja, na Musoma huweka kiasi na sarafu katika kisanduku kimoja. Kazi hiyo hunichukua saa tatu, na karibu saa mbili kati ya hizo huishia katika kunakili na kubandika, kazi ambayo haihitaji uamuzi wa mhasibu hata kidogo, ila ndiyo inayozaa makosa.

Utakumbuka suala la duka la dawa la Sengerema mwezi Machi. Mteja huyo, namba 00417, alikuwa ameshalipa shilingi 1,450,000, lakini nilipofungua faili, jedwali liliichukua namba yake kama hesabu ya kawaida, likafuta sifuri mbili za mwanzo, na malipo yake yakaangukia kwenye orodha ya fedha zisizojulikana mwenyewe. Tulimzuilia mzigo siku mbili. Nilipompigia kumwomba radhi alinisomea namba ya muamala tarakimu moja moja, huku nikisikia mteja wake akiulizia dawa ambayo ilikuwa bado imekaa ghalani kwetu. Sikupenda kabisa hali ile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuizuia isijirudie.

Nimeanza kujifunza nyumbani kwa wiki sita sasa, na mistari hii michache tayari inasoma faili la majaribio nililolitunga mwenyewe:

```python
import csv

with open("musoma.csv", newline="", encoding="utf-8") as f:
    for mstari in csv.DictReader(f):
        print(mstari["namba_mteja"], mstari["kiasi"])
```

Hapa kila kilichomo kwenye faili husomwa kama maandishi, kwa hiyo 00417 hubaki 00417 mpaka mimi mwenyewe niagize vinginevyo. Hatua zinazofuata, yaani kupanga safu za matawi yote kwa mfumo mmoja, kutafuta ankara inayolingana na malipo, na kutoa orodha ya yale tu yanayohitaji kuangaliwa na mtu, bado sijaziweza, na ndizo ninazotaka kuzifanyia kazi.

Pengine utauliza kwa nini nisiendelee kujifunzia nyumbani. Nitaendelea, ila nyumbani siwezi kwenda mbali zaidi ya faili la kutunga. Mafaili halisi yana majina, namba za simu na madeni ya wateja, na sioni kuwa ni sahihi kuyaweka kwenye kompyuta yangu binafsi, hasa tukizingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vilevile, matatizo yanayonifundisha zaidi ni yale ya mafaili halisi, kama jina la mteja mmoja kuandikwa kwa namna tatu.

Kuhusu gharama, Python hutolewa bure na siombi ada ya kozi wala kifaa kipya. Ninachohitaji ni idhini yako ili fundi wa kompyuta aiweke kwenye mashine ninayotumia. Saa yenyewe ni moja kati ya 45 za wiki yangu ya kazi. Nimechagua Alhamisi asubuhi kwa sababu simu za matawi huwa chache, na wiki ya kufunga hesabu za mwezi nitaiacha bila kudai fidia. Nitafanyia kazi nakala tu, wala sitagusa mfumo wa uhasibu, na kwa mwezi wa kwanza nitaendelea kulinganisha malipo kwa mkono sambamba na programu ili tofauti yoyote ionekane.

Napendekeza tujaribu kwa wiki 12. Kila mwisho wa mwezi nitakuletea ukurasa mmoja unaoonyesha muda uliotumika Jumatatu na idadi ya malipo yaliyokosewa. Ikiwa baada ya wiki hizo kazi ya saa tatu haijashuka hadi saa moja na nusu au pungufu, nitaiachia saa hiyo bila kusubiri kuambiwa.

Niko tayari kukuonyesha faili la majaribio siku yoyote wiki hii baada ya saa 9:00 alasiri. Ukiridhia, ningependa kuanza Alhamisi ijayo.

Wako katika kazi,
Mhasibu Msaidizi, Dawati la Wadaiwa