Ombi la kupunguza miaka ya ukaguzi: duka la vifaa vya ujenzi, Kisauni

Asalaam aleikum ofisa, habari za tangu ile siku uliyokuja dukani. Nakuandikia kuhusu barua ya tarehe 14 Agosti 2025, na mhasibu wetu nimemuweka kwenye hii imeli ili naye aone.

Mwezi wa tatu mlituandikia mtakagua 2022 na 2023. Tukakubali, ukakaa pale mezani kwangu siku tatu na tukakupa kila kitu, mafaili, stetimenti za benki, za M-Pesa pia. Mkapata ile invoisi moja ya 2022 iliyoingizwa mara mbili, hatukubishana, tukalipa na penalti yake. Sasa barua mpya inasema mnataka kuanzia 2016 mpaka 2024, yaani miaka tisa, na imetupa siku kumi na nne tu na haijasema hata mstari mmoja ni kitu gani kimewafanya mrudi nyuma kiasi hicho.

Mimi nimekaa na mhasibu tukafungua iTax tukatazama tarehe moja moja. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinawapa miaka mitano kurekebisha makadirio, na kwa ritani ambazo mtu amejikadiria mwenyewe inahesabiwa tangu siku aliyowasilisha hiyo ritani, sio tangu mwaka wenyewe uishe. Ritani ya kampuni ya 2016 tuliiweka 28 Juni 2017, ya 2017 tukaiweka 29 Juni 2018, ya 2018 ni 27 Juni 2019, na ya 2019 ni 30 Juni 2020. Kwa hiyo hata huo wa mwisho muda wake ulikwisha 30 Juni mwaka huu, kabla hamjaandika hii barua. VAT ni mwezi kwa mwezi, na kwa leo tarehe 25 Agosti ritani zote mpaka ya Julai 2020 zimeshapita, ile ya Julai tuliiweka 20 Agosti 2020. Risiti za kuthibitisha tulivyowasilisha nimeziambatanisha zote.

Najua sheria hiyohiyo inasema kama kuna ulaghai, kukwepa ushuru kwa makusudi au uzembe mkubwa basi hakuna mwisho wa muda. Kama ndivyo mnavyotudhania, naomba mtuambie kwa maandishi, ni mwaka gani na ni jambo gani, tulijibu. Invoisi moja ya 2022 tuliyoikubali wenyewe haiwezi kuwa ushahidi wa 2016, ofisa, hilo naomba ulitazame kwa haki.

Naelewa pia kwamba kuomba karatasi ni kitu kimoja na kukadiria upya ni kingine, na mnaweza kusema mnataka kuangalia tu. Lakini kifungu cha 23 kinatutaka tuweke rekodi miaka mitano tangu kipindi chake kiishe, na za zamani kweli hali yake ni mbaya. Juzi nimefungua boksi la 2017, zile risiti za mashine zimefifia zote, ukiinua moja kwenye mwanga unaona karatasi nyeupe na alama kidogo za wino pembeni. Sitaki nije niambiwe nimekataa kutoa kitu ambacho hakisomeki. Hasara ya kubeba kutoka miaka hiyo hatuna hata shilingi, kwa hiyo haigusi hesabu za leo. Kitu kimoja tu ndicho kinagusa, ni lori tulilonunua 2018 ambalo bado tunalikatia uchakavu, na hilo nakuletea logibuku na invoisi ya kulinunua bila tatizo.

Kwa hiyo ombi letu: ukaguzi ubaki 2022 na 2023 kama mlivyoanza. Kama lazima muongeze, basi 2020, 2021 na 2024, VAT ya 2020 ianzie Agosti, na mtuambie mnatafuta nini hasa, mauzo au manunuzi au mishahara, maana tukijua tutayatoa haraka. Hiyo 2020 mkiigusa mkumbuke VAT ilikuwa asilimia 14 kuanzia 1 Aprili mpaka Desemba, isije ikahesabiwa kwa 16. Miaka ya 2016 mpaka 2019 tunaomba iondolewe kwa barua, sio kwa mdomo.

Siku kumi na nne zinaisha Alhamisi hii, tuongezeeni mpaka 30 Septemba. Tunaomba pia msitoe makadirio mapya yoyote kabla hamjatujibu hili, kwa sababu yakishatoka tuna siku 30 tu za kupinga na mimi duka nalifungua mwenyewe kila siku saa moja asubuhi.

Lori nitakuletea karatasi zake Jumatano ofisini, na kama utakuwa nje ya mji niambie nimuachie nani.

Ahsante,
Mama Rehema, mkurugenzi