Ami, naomba tusogeze siku ya fundi wa bomba

Assalaam aleikum Ami, shikamoo. Kwako kwema, na Bi Mkubwa magoti yake yaendeleaje na hii baridi ya kusi? Mpe salamu zangu sana mwambie Mama Nasra wa Mshomoroni, ghorofa ya tatu, amuuliza.

Ami nisamehe najua ujumbe ni mrefu na wewe hupendi kusoma sana kwa simu, lakini nimeona nikikupigia saa hizi baada ya isha ntakuwa nakusumbua na pia mambo yenyewe ni mengi ntasahau mengine, kwa hivo naandika yote pamoja, usome taratibu ukipata nafasi.

Ni kuhusu yule fundi wa bomba wa lile bafu letu linalovuja, alopangwa kuja Alhamisi hii tarehe 16 saa tatu asubuhi. Naomba tafadhali Ami siku hiyo isogezwe, mana Alhamisi nyumbani hakutakuwa na mtu kabisa, hata mmoja. Ndo arobaini ya mamangu, na khitma yasomwa Msambweni nyumbani kwetu, wewe mwenyewe ulinipigia simu siku ilokuja tanzia na nakushukuru mpaka leo, sijasahau. Sote twaenda, mimi, Baba Nasra, watoto, na mama mkwe, twatoka baada ya alfajiri ili tuvuke feri mapema kabla foleni ya Likoni haijakuwa ndefu, na kurudi ni usiku. Dada anonisaidia kazi naye yuko kwao Kaloleni toka wiki ilopita, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Yani mlango utakuwa na kufuli.

Na kosa ni letu Ami, hilo nalisema wazi. Ulipouliza kama Alhamisi ni sawa, Baba Nasra alikujibu sawa, alikuwa bandarini zamu ya usiku, akajibu haraka bila kuangalia tarehe, kisha jana ndo ananiambia. Mimi niliposikia Alhamisi nikashtuka. Ndo mana nakwambia leo Jumatatu na sikungoja Jumatano usiku, ili na fundi apate muda wa kujipanga na kazi nyingine asije akapoteza siku yake.

Najua utasema nimuachie keateka ufunguo, na ni kijana mwaminifu sina neno naye hata kidogo, ndoo zangu za maji ananipandishia yeye pampu ikiharibika. Lakini hili bafu linalovuja ni lile la ndani ya chumba chetu cha kulala, mtu hafiki pale bila kupita kitandani, na vitu vya marehemu mamangu viko pale chumbani bado sijavigawa, viko kwenye masanduku tu. Sitaki mtu avipite nikiwa sipo. Nadhani hilo wanielewa Ami bila mimi kueleza zaidi.

Na jambo la pili ni kubwa zaidi kwa upande wako. Mara ile fundi mwingine alipokuja mwezi wa Ramadhani, mimi nilikuwa kazini, nyumbani alikuwako mtoto tu, yule fundi akaona ukutani pana doa la unyevu karibu na sakafu akavunja tailzi nne pale pale, kumbe hapakuwa na kitu. Maji hayatoki pale. Yatoka juu, nyuma ya koki ya shawa, yashuka ndani ya ukuta kwa kufuata paipu ndo yaja kutokeza chini. Usiku kukinyamaza ukiweka sikio ukutani wasikia kabisa yale maji yavuma, na nshapabandika tepu nyekundu mahali penyewe. Zile tailzi nne mpaka leo ni sementi tupu, na hela yako ilikwenda bure. Kwa hivo safari hii nataka niwepo mimi au Baba Nasra, tumuoneshe fundi, avunje mahali pamoja tu, amalize.

Sasa siku. Mimi naona nzuri kuliko zote ni Jumamosi hii tarehe 18 kuanzia saa mbili asubuhi. Baba Nasra ana ofu siku hiyo, na mimi nimeshaomba ruhusa kwa tajiri wangu wa dukani pale Biashara Street nitaingia mchana. Fundi atakuwa na siku nzima, avunje, abadilishe, ajaribu maji, aache sementi ishike. Kama Jumamosi hawezi kabisa basi Jumatano tarehe 15 kuanzia saa nane mchana nitakuwa nyumbani, ila nakwambia ukweli muda ni mdogo, kufika magharibi sidhani kama atakuwa amemaliza, na akiacha ukuta wazi na maji yamefungwa tutakwenda Msambweni tukiacha jengo zima halina maji. Ijumaa sipendekezi, mana akianza saa tatu akija kushika kazi vizuri wakati wa swala ushafika, na mimi Ijumaa siwezi kukosa dukani, siku mbili mfululizo tajiri hatakubali.

Hiyo habari ya jengo zima ni hivi Ami. Ile geti valvu ya ndani ya flati yetu, ilioko jikoni chini ya sinki, imeliwa na chumvi. Naizungusha mpaka mwisho na bado maji yapita. Kwa hivo fundi hawezi kufunga kwetu peke yake, lazima apande juu kwenye tanki afunge paipu kubwa, na hapo flati zote nane hazina maji mpaka amalize. Hao watu lazima waambiwe mapema wajaze ndoo na mitungi. Tukikubaliana Jumamosi mimi mwenyewe ntaandika kwenye grupu la jengo leo leo, na ntamwambia keateka awashe pampu Ijumaa usiku tanki lijae, asubuhi watu wachote kabla saa mbili.

Na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba umwambie fundi aje na valvu mpya ya nusu inchi, atie na hiyo siku hiyo hiyo. Ni kitu kidogo lakini kitakuokoa, siku nyingine kukiharibika koki hata ya jikoni hatutalazimika kufungia watu wote. Na kama atabadilisha kipande cha paipu ukutani naomba asirudishe ile ya chuma, haya maji yetu ya kisima yana chumvi sana yatoboa chuma, wewe wajua, hata masufuria yangu yana ukoko mweupe. Atie zile za plastiki za kijani zinazounganishwa kwa moto, hizo chumvi haizili. Mwenye nyumba ni wewe na uamuzi ni wako, mimi nasema nnachokiona kila siku.

Sasa wasije wakakwambia nimesogeza siku nikaacha nyumba yako iharibike. Kwanza nimepunguza maji, ile valvu japo haifungi yote imesaidia, mwanzo ndoo ya lita 20 ilikuwa yajaa kutoka isha mpaka alfajiri, sasa haifiki nusu. Ndoo iko pale pale naimwaga asubuhi na usiku, na Alhamisi kabla hatujatoka ntaweka beseni kubwa lile la kufulia na matambara pembeni. Pili stima ya shawa nimeizima, swichi ya nje ya bafu na pia ile ndogo kwenye boksi la stima, nikaweka tepu juu yake mtoto asiiguse, mana ukuta ule umelowa na waya wapita hapo hapo, hilo ndo lililokuwa lanikosesha usingizi kuliko maji yenyewe. Twaoga sote bafu la nje. Tatu nimeshuka mwenyewe kwa jirani wa chini, nimeangalia dari yake, pana duara la unyevu kama sahani ya wali, halijadondosha, nimemuomba radhi na amekubali kungoja mpaka Jumamosi, ila amesema likianza kudondoka atanipigia na mimi ntakupigia wewe saa ile ile. Hilo likitokea kabla ya Alhamisi basi fundi aje wakati wowote, tutaamka hata usiku. Likitokea Alhamisi yenyewe, keateka ataifunga ile paipu kubwa juu tankini mpaka turudi, nshamuonesha.

Kama fundi ameshanunua vitu au ametenga siku akakataa shughuli nyingine, naomba uniambie, nauli yake ntamtumia mimi kwa M-Pesa shilingi 300, si haki yeye aumie kwa kosa letu. Sitaikata kwenye kodi wala nini, kodi ya mwezi ujao utaipata tarehe 5 kama kawaida.

Ili usipate tabu ya kuandika, huu hapa chini wa kumtumia fundi, unakili tu:

"Fundi salaam. Ile kazi ya Mshomoroni ghorofa ya tatu haitakuwa Alhamisi 16, wapangaji wana khitma hawatakuwepo. Naomba uje Jumamosi 18 saa mbili asubuhi, utamkuta Baba Nasra. Panapovuja ni ukutani nyuma ya koki ya shawa, pana tepu nyekundu, usivunje kwengine. Njoo na geti valvu mpya ya nusu inchi. Maji yafungwa juu tankini. Stima ya shawa imezimwa, usiiwashe mpaka ukuta ukauke. Nijibu kama Jumamosi yakufaa."

Na moja la mwisho Ami nilitaka kulisahau, mama mkwe ana insulini yake kwenye friji, kwa hivo fundi akihitaji kuzima stima ya nyumba nzima atuambie kwanza. Friji ikifungwa bila kufunguliwa masaa manne hivi haina tabu, zaidi ya hapo ntaihamishia kwa jirani.

Nangojea jibu lako, hata ukinitumia neno moja tu, Jumamosi, ntaelewa na ntaanza kuwaambia majirani. Kesho niko dukani mpaka saa kumi na moja, simu naweka karibu. Na kama wewe na Bi Mkubwa mwaweza kufika Msambweni Alhamisi mmekaribishwa kwa moyo wote, khitma ni baada ya adhuhuri, noah ya shemeji ina nafasi mbili na tutapita Tudor kuwachukua, niambie tu kabla ya Jumatano magharibi.

Mama Nasra