Mwani wa Maji Marefu: Maelezo ya Dakika Tatu kwa Wawekezaji, Tanga

Waheshimiwa wawekezaji, asanteni kwa kunisikiliza.

(Weka mafungu mawili ya mwani mezani.)

Huu wa kushoto ni spinosamu. Wa kulia ni kotonii. Yote miwili hutolewa karajinani, ule ute unaoshikiza aiskrimu na dawa ya mswaki, lakini kotonii ndiyo wanunuzi wanayoigombea kwa bei. Wakulima wa Moa wanalijua hilo kuliko mimi, na bado wengi wanapanda spinosamu. Si uzembe. Wanapanda kwenye maji mafupi, kwa kamba na vigingi, na maji yakitoka jua huyachemsha yale yaliyobaki. Kotonii haivumilii joto hilo: inageuka nyeupe, inakatika, mama anarudi nyumbani na kamba tupu.

Sisi tumeihamishia kotonii kwenye maji marefu, kwa kamba zinazoelea juu ya maboya. Huko maji ni ya baridi na yanatembea. Boti ni yetu, maboya ni yetu. Mbegu inafungwa na akina mama wenyewe, na wao ndio wenye mavuno. Baada ya wiki sita hivi mwani unavunwa na kuanikwa juu ya meza za nyavu, hauguswi na mchanga. Mnunuzi akishika mwani wenye mchanga anakata bei hapohapo, nami simlaumu.

Msimu uliopita, tukiwa na wakulima 42, tuliuza tani 9 za kotonii kavu kwa shilingi 2,100 kwa kilo. Mkulima tulimlipa 1,400, taslimu, pwani. Mafuta, viroba na usafiri vilikula 400. Kwetu ikabaki 300.

Tunaomba shilingi milioni 60 kwa asilimia 30 ya hisa. Milioni 22 ni boti mbili na injini zake, 10 kamba na maboya, 8 meza za kuanikia. Milioni 20 zilizobaki ni za kununulia mwani, na hizi naomba msizipunguze: mkulima akicheleweshewa fedha hata mara moja, anamuuzia mwingine, na ana haki. Lengo la mwaka wa pili ni tani 100. Kwa faida ileile ya 300 kwa kilo, hiyo ni milioni 30, na fungu lenu milioni 9.

Hatari zipo. Kusi ikivuma kwa nguvu hukata kamba, ndiyo maana miezi hiyo tunazisogeza nyuma ya mwamba na kupanda kidogo. Bei nayo hupangwa nje ya nchi; ikishuka, tunashuka nayo, ila kotonii safi haikosi mnunuzi.

Hesabu za msimu mzima ziko kwenye bahasha mbele yenu. Bamvua lijalo tunavuna Moa, na nafasi kwenye boti zipo. Karibuni mje muulize akina mama wenyewe.