YAH: HITILAFU INAYOPOTEZA MAREJESHO YA MIKOPO YALIYOKWISHA KUHIFADHIWA

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tangu tuweke toleo la 4.2 la programu yenu, marejesho ya wanachama wa SACCOS yetu yanapotea hata baada ya skrini kuonyesha "Imehifadhiwa".

Hitilafu hujirudia hivi: fungua akaunti ya mwanachama, ingiza rejesho, bonyeza "Hifadhi", kisha kata mtandao papo hapo na ufunge programu. Ukiingia tena mtandao ukiwa umerudi, rejesho halipo na salio la mkopo liko kama lilivyokuwa awali, ingawa stakabadhi imekwisha kuchapishwa. Mtandao usipokatika, tatizo halitokei; kwa hiyo tunashuku kwamba programu inathibitisha kabla seva haijapokea taarifa.

Mwanachama aliyelipa shilingi 150,000 ametozwa faini ya kuchelewa huku ameshika stakabadhi yetu mkononi, jambo linaloharibu imani ambayo chama cha akiba hakiwezi kuendeshwa bila hiyo. Kwa sasa kila rejesho tunaliandika kwenye daftari.

Tunaomba mrekebishe uthibitisho huo haraka, na mtueleze kama kumbukumbu zilizopotea zinaweza kupatikana kwenye kompyuta zetu, ambazo hatutazigusa mpaka mtujibu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mhasibu