Barua ya Shukrani kwa Fundi Sanifu wa Vifaa Tiba

Ofisi ya Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa,
14 Mei 2025.

Fundi Sanifu Mwandamizi,
Kitengo cha Vifaa Tiba.

Ndugu,

YAH: SHUKRANI KWA MATENGENEZO YA MASHINE ZA OKSIJENI NA MASHINE YA KUTAKASIA VIFAA

Kwa niaba ya Menejimenti ya hospitali, nakushukuru kwa kazi uliyoifanya tangu usiku ule wa mvua za Aprili, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaharibu mashine nne za kuzalisha oksijeni katika wodi ya watoto wachanga pamoja na mashine ya mvuke inayotakasa vifaa vya upasuaji.

Ulianza na mashine ya mvuke, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa wodi ilikuwa bado na mitungi ya akiba ilhali seti safi za upasuaji wa wajawazito zilikuwa zinaelekea kwisha. Ulibadilisha hita iliyoungua na mpira wa mlango, wala hukuikabidhi mpaka ulipohakikisha kwamba inafika nyuzi 134 za Selsiasi na kubaki hapo kwa muda unaotakiwa. Hakuna mama aliyehamishiwa kwingine kwa kukosa vifaa.

Jambo ambalo sikutaka lipite bila kuandikwa ni hili la oksijeni. Mashine moja, baada ya kubadilishiwa kompresa, iliwaka, ikanguruma na kutoa hewa kwa kasi ya kawaida, na wenzetu wa wodini, ambao mitungi yao ilikuwa ikipungua, walitaka irudishwe mara moja. Ulikataa, kwa sababu kipimo chako kilionyesha oksijeni asilimia 71 tu, wakati Shirika la Afya Duniani linaelekeza isipungue asilimia 82. Zeolaiti, zinazonasa naitrojeni ya hewani ili oksijeni ipite, zilikuwa zimeingia unyevu na kupoteza uwezo wake. Mtoto angewekwa kwenye mashine ile, tungemwona akidhoofika huku tukitafuta sababu kwenye mapafu yake. Kuwakatalia madaktari na wauguzi usiku, tena wenye haraka ya haki, si jambo jepesi kwa fundi, nami nalithamini kuliko hata ufundi wenyewe. Uliiweka kando hadi zeolaiti mpya zilipofika, ukairudisha baada ya kuipima upya.

Nimesoma pia mapendekezo yako katika daftari la matengenezo (ambalo, niseme ukweli, linasomeka kuliko mafaili ya madaktari wangu). Stabilaiza za umeme kwa kila mashine zimeingizwa katika manunuzi ya robo hii, na Muuguzi Mfawidhi ameshaelekeza vichujio vya vumbi vioshwe kila wiki.

Malipo ya saa zako za ziada nimeyaidhinisha, na nakala ya barua hii itawekwa katika jalada lako binafsi.

Wako katika utumishi,

Mganga Mfawidhi

Nakala: Katibu wa Afya, Muuguzi Mfawidhi, Mkuu wa Kitengo cha Vifaa Tiba